Uingereza, Misri, Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya nchi kwa Kiswahili

Kazi yangu ya kila siku ni kusahihisha maandishi ya wengine, na hakuna kinachonisimamisha mara nyingi kama majina ya nchi. Wasomaji huuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengi yanazunguka herufi mbili, U na M.

Kwa nini Uingereza na Ufaransa zina U, lakini Kenya, Brazili na Kanada hazina?

Kwa sababu majina hayo hayakuingia kwa mlango mmoja. Yale yenye U yalianza na watu, na yale yasiyo na U yaliingia yakiwa majina ya nchi tayari.

Tuanze na mfumo wenyewe. Kiswahili kina seti ya viambishi vinne vinavyokaa mbele ya shina moja: m- kwa mtu mmoja, wa- kwa watu wengi, ki- kwa lugha na mwenendo wao, na u- kwa nchi yao. Mnyamwezi, Wanyamwezi, Kinyamwezi, Unyamwezi. Mgogo, Wagogo, Kigogo, Ugogo. Mfumo huu ulikuwapo kabla ya ramani na mipaka ya kisasa. Mtu wa pwani aliyesafiri bara alikutana kwanza na Wasambaa, kisha akaiita nchi yao Usambara. Nchi ilikuwa mahali wanapoishi watu fulani, basi.

Wageni walipofika kwa bahari, walitiwa katika seti hiyohiyo. Pwani ilimjua Mreno, Mfaransa, Mwingereza na Mturuki kwa sura na kwa biashara kabla ya kuijua nchi yake. Alipoulizwa huyu Mfaransa ametoka wapi, jibu lilijitengeneza lenyewe: Ufaransa. Hakuna aliyekaa chini kulitunga.

Kanada na Brazili zilikuja baadaye, kupitia vitabu vya jografia, magazeti na redio. Tulilipokea jina la nchi kwanza, likiwa zima. Mtu wa huko tulimpata kwa kuongeza m- mbele ya jina la nchi: Mkanada, Mbrazili. Angalia njia ilivyogeuka. Zamani tulitoka kwa mtu kwenda kwa nchi. Sasa tunatoka kwa nchi kwenda kwa mtu. U ni alama ya njia ile ya kwanza.

Shina la "Ureno" limetoka wapi? Halifanani kabisa na jina ambalo wenyewe huiita nchi yao.

Halifanani kwa sababu halikutoka kwenye jina la nchi hata kidogo. Limetoka kwenye neno lao "reino", maana yake ufalme. Wareno waliokuwa ng'ambo waliitaja nchi yao kwa kusema "Reino", yaani kule nyumbani kwa mfalme. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kuendelea kuja, watu wa pwani walisikia neno hilo mara kwa mara, na kwa masikio yao likawa reno. Mtu wa huko akawa Mreno, wengi Wareno, lugha Kireno, na nchi Ureno.

Hapo ndipo unapoona kwa macho kwamba mtu alitangulia nchi. Kama jina lingeletwa na ramani, leo tungesema kitu kama "Potugali", na wapo wanaoandika hivyo wakidhani wanasahihisha. Hawasahihishi kitu. Ureno ni jina letu lenye karne kadhaa, nalo limebeba kumbukumbu ya jinsi watu hao walivyojitaja walipokuwa mbali na kwao.

Na Uingereza? Je, ni kweli kwamba limetokana na "gereza"?

Hapana, ingawa ninaelewa kwa nini watu wanayaunganisha. Yote mawili yamepitia kwa Wareno, lakini kutoka maneno mawili tofauti. "Gereza" limetoka "igreja", maana yake kanisa. Maana ikahama kutoka kanisa hadi ngome, na kutoka ngome hadi jela. "Ingereza" limetoka kwenye jina ambalo Wareno waliwaitia Waingereza: "inglesa" kwa umbo la kike, na s hiyo iliyo katikati ya irabu hutamkwa z.

Ukilifuata neno hatua kwa hatua utaona Kiswahili kikifanya kazi yake. Ing-le-sa ina g na l zilizogusana, mgusano ambao masikio ya zamani hayakuupenda. Ikapachikwa irabu katikati, na l ikageuka r: i-nge-re-za. Sasa kila silabi imeishia kwenye irabu, na neno linatamkika bila kujikwaa. Weka m- mbele, na kwa kuwa shina linaanza na irabu, m- inakuwa mw-: Mwingereza. Weka ki-, utapata Kiingereza chenye i mbili, moja ya kiambishi na moja ya shina. Wanaoandika "Kingereza" wameimeza ya shina. Weka u-, utapata Uingereza.

Kanuni za kuliandika upya jina la kigeni ni zipi hasa?

Kwa majina ya zamani, ile ya msingi ni kwamba silabi iishe kwa irabu. Konsonanti mbili zikigongana, irabu huingizwa kati yake, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Mara nyingi inamwiga jirani yake. Katika Turuki, u ya mwanzo imejirudia kati ya r na k. Katika Giriki, i imejirudia kati ya g na r. Ingereza nayo ina e mbili zinazofuatana. Faransa ina a mbili, lakini hapo hatukufanya kazi sisi. Kiarabu kilikuwa kimeshaitenganisha f na r, sisi tukalipokea jina likiwa tayari. Konsonanti ya mdomo ikiwa karibu, huivuta u: ndiyo maana Mjerumani ana u kabla ya m, si "Mjeremani".

Mwisho wa neno pia lazima uwe na irabu. Baada ya konsonanti nyingi tunaweka i: Yemeni, Omani, Japani, Irani, Kuwaiti, Israeli. Baada ya m, ambayo midomo hufungwa, tunaweka u: Vietnamu, Surinamu. Jaribu kusema "Vietnami" kwa haraka, utaona midomo yenyewe inavyoitaka u.

Halafu kuna herufi. Hatuna q wala x, na c haisimami bila h. Kwa hiyo Katari, Meksiko, Kuba, Kanada. Herufi g kwetu ina sauti moja tu, ile ya "gari", na hapa ndipo watu wanapojikwaa. Nchi kubwa ya Afrika Magharibi wengi bado wanaiandika "Nigeria", kisha wanaisoma kwa sauti ya j. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili akikutana na neno hilo ataisoma g yake kama ya "gari", na atakuwa amesoma sawasawa. Aliyekosea ni mwandishi. Nijeria na Aljeria ndiyo maandishi yanayoheshimu sauti.

Majina mapya, hata hivyo, yanaachiwa konsonanti zake. Hakuna anayesema "Burazili" wala "Koroatia". Ndimi zetu zimezoea migongano ambayo wazee wa pwani wasingeikubali, na kanuni imelegea. Ukiona jina la nchi lililotenganishwa kwa irabu katikati, kama Uturuki, ujue kwa kawaida ni la zamani.

Nitajuaje kama U ya mwanzo ni kiambishi au ni sehemu ya jina lenyewe?

Ondoa U, weka m- ya mtu, kisha sikiliza. Uholanzi: Mholanzi. Uswidi: Mswidi. Urusi: Mrusi. Ubelgiji: Mbelgiji. Mtu amepatikana, basi U ilikuwa kiambishi.

Sasa jaribu Uruguai. Ukiondoa U unabaki na "ruguai", na hakuna "Mruguai" duniani. Ukraini pia: hakuna "Mkraini". Uzibekistani ni hivyohivyo. U zao ni za shina, zimekuja nazo kutoka kwao, na kufanana kwake na U yetu ni bahati tu. Kwa watu wa nchi hizi mimi huandika "raia wa Ukraini" au "watu wa Uruguai", kwa sababu kulundika m- mbele ya u- hutoa neno zito ambalo kila mwandishi ataliandika kwa namna yake.

Kuna mtego mmoja mzuri: Ulaya. Si nchi bali bara, lakini watu huuliza. Limetoka Kiarabu "wilaya", maana yake eneo la utawala. U yake ni w ya Kiarabu iliyolainika, na ndiyo maana hakuna "Mlaya". Mtu wa huko tulimpa jina jingine kabisa, Mzungu.

Na Umoja wa Falme za Kiarabu? Hiyo ni U ya neno "umoja". Jina lote limetafsiriwa, kama Afrika Kusini au Korea Kaskazini.

Kwa hiyo ninaweza kuiweka U mbele ya nchi yoyote? "Ukenya", "Utanzania"?

Unaweza, lakini utapata kitu kingine. U- hiyohiyo hutengeneza majina ya hali na sifa: utu, uzuri, udugu. Ukiiweka mbele ya shina ambalo tayari ni jina la nchi, masikio yetu hayasikii nchi tena, yanasikia hali ya kuwa mtu wa hapo. "Utanzania" ni ile sifa inayomfanya Mtanzania awe Mtanzania. "Uafrika" ni hali ya kuwa Mwafrika. Mtu akiandika "amesafiri kwenda Utanzania", msomaji atashangaa, kwa sababu hali haina uwanja wa ndege.

Kwa Ujerumani na Ufaransa mkanganyiko huu hautokei, kwa sababu hakuna nchi inayoitwa Jerumani wala Faransa pembeni. Kiti cha nchi kilikuwa wazi, U ikakikalia.

Kwa nini tunasema Uganda ilhali wenyewe wanasema Buganda?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kiambishi kidogo kikihamia kwenye ramani ya dunia.

Waganda, kwa lugha yao, wana seti yao ya viambishi inayokaribiana sana na yetu, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu. Mtu mmoja ni Muganda, wengi ni Baganda, lugha ni Luganda, na nchi ni Buganda. Weka kandokando na yetu: Mganda, Waganda, Kiganda, Uganda. Bu- yao ni U- yetu. Ni ndugu wa damu. Kiswahili kiliipoteza b hiyo zamani, Luganda ikaitunza.

Misafara ya biashara kutoka pwani ilipofika kwenye ufalme huo katika karne ya 19, watu wa misafara hawakusema Buganda. Walisema Uganda, kwa kawaida yao, kama walivyosema Unyoro kwa Bunyoro na Usoga kwa Busoga. Wazungu waliofuata walikuja na wakalimani na wapagazi waliozungumza Kiswahili, wakaliandika jina kama walivyolisikia midomoni mwa watu hao. Waingereza walipotangaza ulinzi wao mwaka 1894, waliuandika kwa umbo la Kiswahili. Baadaye mipaka ikapanuka mbali kupita ufalme wenyewe, ikazichukua Bunyoro, Busoga, Ankole, Toro na nchi za kaskazini, na jina likabaki lilelile. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 inaitwa Uganda, na ndani yake kuna ufalme unaoitwa Buganda. Maumbo mawili ya neno moja yamekuwa vitu viwili.

Hili lina matokeo kwa mwandishi. "Mganda" kwa Kiswahili cha leo ni raia yeyote wa Uganda, hata kama ni Mwacholi wa kaskazini ambaye hajui neno la Luganda. Ukitaka kumtaja mtu wa kabila la ufalme ule, andika Muganda kama wanavyosema wenyewe, au "mtu wa Buganda". Nimewahi kusahihisha habari iliyosema kwamba Waganda walikataa mpango fulani wa serikali, nami sikuweza kujua kama ni taifa zima lililokataa au ni watu wa ufalme. Ilibidi nimpigie mwandishi simu. Alikuwa na maana ya Baganda. Silabi moja ilikuwa imeongeza wakataaji kutoka kabila moja hadi nchi nzima.

Burundi nayo?

Ilipita njia hiyohiyo, kisha ikarudi. Kwa Kiswahili nchi hiyo iliitwa Urundi, na wakati wa utawala wa Ubelgiji eneo lote liliandikwa Ruanda-Urundi, kwa umbo letu. Ilipopata uhuru mwaka 1962 ilichukua jina lake la nyumbani, Burundi, nasi tukalifuata. Lakini watu wake bado ni Warundi na mmoja ni Mrundi. Tuliirudishia nchi Bu- yake, ila shina tulilomjengea mtu halikuguswa.

Kama Bu- ya Buganda ilikuwa U, kwa nini Bo- ya Botswana haikuwa "Utswana"?

Kwa hakika Bo- hiyo ni ndugu wa Bu- na U-. Kwao mtu ni Motswana, watu ni Batswana, lugha ni Setswana, nchi ni Botswana. Kama misafara ya waswahili ingefika huko, leo tungesema Mtswana na Utswana bila kufikiri. Haikufika. Jina la Botswana lilitufikia kwa barua rasmi na habari za redio, nchi ilipopata uhuru mwaka 1966. Tukalipokea likiwa zima, kama Kanada, na tukaweka m- mbele yake: Mbotswana. Mtu huyo sasa amebeba viambishi viwili, chetu na cha kwao, na hakuna anayeona tatizo.

Lesotho, iliyopata uhuru mwaka huohuo, ni vilevile: Le- ni kiambishi chao, nasi hatukukigusa.

Tuje kwenye M. Misri, Marekani, Mali, Msumbiji: hiyo M ni ile ya mtu?

Hapana. M ya mtu haianzishi jina la nchi. Unapoiona M mwanzoni mwa nchi, ni ya shina, na kipimo cha haraka ni wingi wa watu wake. Mholanzi, wengi wao ni Waholanzi: M imeondoka, kwa hiyo ilikuwa kiambishi. Mtu wa Misri akiwa na wenzake ni Wamisri: m imebaki ndani, kwa hiyo ni ya shina. Wamarekani, Wamalawi, Wamali, Wamoroko, wote ni hivyo.

Kutokana na hapo, mmoja wao lazima awe na M mbili: Mmisri, Mmarekani, Mmalawi, Mmali. M ya kwanza ni silabi yake yenyewe, unaitamka kwa kufunga midomo kidogo kabla ya kuendelea. Katika mazungumzo ya haraka m hizo mbili huungana, na watu hujikuta wakisema "nilikutana na Marekani mmoja". Masikioni inapita. Kwenye maandishi umekutana na nchi.

Misri ni jina la Kiarabu la nchi hiyo, Misr, lililoongezewa i mwishoni. Liliingia kama jina la nchi, la kale na maarufu, likisomwa katika maandiko ya dini. Halikuhitaji U, na wanaoandika "Umisri" wanaliongezea nguo lisiyoihitaji.

"Marekani" ilipotezaje A yake?

Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walikuwa wakileta nguo za pamba Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mwaka 1833 nchi yao ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Nguo hiyo nyeupe ngumu ikajulikana kwa jina la merikani, na ilisafiri na misafara hadi ndani kabisa ya bara ikitumika kama fedha. Kwa hiyo wengi waliigusa Amerika kwa vidole kabla ya kumwona mtu wake.

Neno limeangusha A ya mwanzo, likabaki na -ni ya mwisho, ambayo ilikuwa ya sifa, "ya Kiamerika". Leo tuna majina mawili yanayogawana kazi vizuri: Marekani ni ile nchi moja yenye makao makuu Washington, na Amerika ni bara lote, Amerika Kaskazini na Amerika Kusini. Lugha nyingi zinatumia jina moja kwa vyote viwili na watu wake wanabishana. Sisi tuna nafasi ya kuwa wazi, tusiichezee.

Na Msumbiji?

Jina la nchi limetoka kwenye kisiwa kilichoko pwani yake ya kaskazini, na masimulizi yanayojulikana sana hukihusisha na mtawala aliyeitwa Musa bin Mbiki. M yake ni ya majina ya mahali ya pwani, kama Mvita na Mtwara. Kumpata mtu kwa kuweka m- juu ya m hiyo kunaleta "Mmsumbiji", ambalo linatamkika kwa shida. Andika "raia wa Msumbiji" na uendelee.

Je, herufi kubwa ni muhimu kweli?

Ni muhimu sana kwa baadhi ya majina. Mhindi ni mtu, wingi Wahindi. Lakini mhindi kwa herufi ndogo ni mmea wa mahindi, wingi mihindi. Mshelisheli ni mtu wa Shelisheli. Lakini mshelisheli kwa herufi ndogo ni mti unaozaa mashelisheli. Sentensi ya "wamekata mshelisheli" ikipewa herufi kubwa kwa makosa, inakuwa habari ya polisi.

Nchi yenye U inachukua upatanisho gani: "Uingereza umeshinda" au "imeshinda"?

"Imeshinda." Ninaliona kosa hili hasa kwa wanaojifunza sarufi kwa bidii, kwa sababu wameambiwa U huleta u-. Kwa majina ya nchi, neno "nchi" limejificha nyuma yake na ndilo linaloongoza: Uganda ilipata uhuru, Ufaransa imekubali, Ujerumani ya Mashariki, Uholanzi yenyewe. Utaliona tofauti na majina ya hali: Utanzania *wetu*, lakini Tanzania *yetu*.

Hapa kuna sentensi niliyoipokea kwa kusahihishwa, kama ilivyoandikwa: "Uswisi umesaini mkataba na Umisri, na Mswisi wengi wanafurahi." Nilirudisha hivi: "Uswisi imesaini mkataba na Misri, na Waswisi wengi wanafurahi." Mambo matatu, na yote yametoka kwenye kutoijua U na M zinafanya kazi gani.

Na usiongeze -ni ya mahali. Tunasema "anaishi Ufaransa", si "Ufaransani". Uarabuni peke yake kati ya nchi za ng'ambo imeshikamana na -ni yake, kama Ukambani na Umasaini.

Uchina au China? Uhindi au India? Uajemi au Irani?

Kwa Uchina na China, yote mawili yanaandikwa na watu makini. Chagua moja na usilibadilishe katikati ya ukurasa. Watu ni Wachina kwa vyovyote.

Kwa India, jina lenye U limerudi nyuma kwa sababu nzuri. Mhindi, kwa matumizi ya Afrika Mashariki, anaweza kuwa mtu aliyezaliwa Mombasa au Kampala ambaye hajawahi kuvuka bahari, na asili yake inaweza kuwa sehemu ambayo leo ni Pakistani. Shina hilo limekuwa la asili ya watu, si la taifa lililopata uhuru mwaka 1947. Kwa hiyo nchi ikachukua jina lake rasmi, India.

Uajemi limetoka Kiarabu "ajam", yaani wasio Waarabu. Serikali ya nchi hiyo iliomba mwaka 1935 iitwe Irani na mataifa ya nje. Mimi huandika Uajemi kwa historia ya kale na Irani kwa taifa la leo, na lugha bado ni Kiajemi. Uhabeshi na Ethiopia zinaweza kugawanywa vivyo hivyo.

Nchi ikibadilisha jina lake, sisi tufanyeje?

Inategemea jina letu limejengwa juu ya nini. Mwaka 2022 Uturuki iliuomba ulimwengu uiite kwa umbo la lugha yake badala ya lile la Kiingereza. Kiswahili hakikuwa na la kubadilisha, kwa sababu Uturuki halikujengwa juu ya Kiingereza, limejengwa juu ya jina la Waturuki wenyewe.

Uswazi ni tofauti. Mwaka 2018 mfalme alitangaza kwamba nchi itaitwa Eswatini, na hilo ndilo tunaloliandika sasa. Kwa lugha yao, Eswatini ni "mahali pa Waswati": e- iko mbele, shina la watu katikati, -ini nyuma. Mtu kwanza, kisha mahali pake, njia ileile tuliyopita sisi tulipotamka Ureno.